Sifuri mbili baada ya nukta

Saa tano usiku na bado naisoma ile barua pepe. Mdogo wangu kalipiwa mahari Jumamosi kule Kondoa, mkataba wangu umeongezwa miaka 2, na katika yote hayo kilichoganda kichwani ni maneno ya kijana wa mwaka wa kwanza ninayemfundisha kuandika programu kwa lugha ya C.

"Shikamoo madam. Samahani kwa usumbufu. Programu yangu ya zoezi la 2 imetoa jibu lile lile lililo kwenye karatasi ya swali, lakini nimepata 7 kati ya 10. Naomba kujua zile 3 zimekatwa kwa kosa gani, maana nimeona duara tu."

Duara tu. Baba watoto anasema hapo hakuna tusi. Najua hakuna, angenitukana ningelala.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: soma kilo za kreti 4 za zabibu, toa wastani wenye desimali mbili. Mfano niliowapa ulikuwa 12, 15, 9 na 12, jibu 12.00. Yeye kaandika hivi, na duara langu jekundu liko kwenye ule mkwaju wa kugawanya:

```c
int jumla = 48, n = 4;
float wastani = jumla / n;
printf("%.2f\n", wastani);
```

(Hiyo 48 nimeiweka mimi kufupisha. Yeye alijumlisha kwa kitanzi, na kitanzi chake hakina tatizo.)

Inatoa 12.00 kweli. Sasa kreti ya mwisho iwe na kilo 13. Jumla inakuwa 49, na wastani, hata kwa vidole, ni 12.25. Programu yake bado inasema 12.00. Katika C, namba nzima, yaani `int`, ikigawanywa kwa namba nzima, jibu nalo ni namba nzima, na kinachobaki kinatupwa palepale. Ile 12 ndiyo inayokabidhiwa `wastani`. Kuuita `wastani` `float`, yaani namba yenye desimali, wakati huo ni kuleta ndoo kubwa maji yakiwa yameshamwagika njiani. Halafu `%.2f` inakuja kupachika sifuri mbili za urembo, na mtu akiziona anaamini kwamba desimali zimehesabiwa.

Nikamwandikia hayo, nikaongeza na ka-sentensi ka kujidai kuhusu tofauti ya jibu sahihi na programu sahihi. Nikakafuta. Nikamwambia ajaribu kwa 13.

Akajibu baada ya dakika ishirini: "Madam, nimeweka `(float)(jumla / n)`, bado 12.00." Nilicheka peke yangu jikoni, maana hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilikwama kwenye mabano hayo hayo. Yanalazimisha mgawanyo ufanyike kwanza, kisha ndiyo unageuza kitu kilichokwisha kupotea. Inatakiwa `(float) jumla / n`: hapo jumla inageuzwa kabla haijagawanywa, na C ikiona upande mmoja una desimali inaupandisha na wa pili. "12.25. Nimeiona madam, asante." Ningelala hapo.

Lakini nikaitazama tena karatasi yangu ya swali. 48 kwa 4. Namba hizo nilizichagua mwenyewe, zigawanyike vizuri ili watoto wahakiki kwa kichwa. Yaani mfano pekee niliowapa ndio huo usioweza kuwaonyesha kosa, na kwenye karatasi sikuandika popote kwamba nitapima kwa namba nyingine. Kijana alifanya kila nilichomwambia afanye ajihakiki, akapata duara.

Nikaamka, nikazitoa karatasi zote kwenye mfuko. Mkwaju ule ule uko kwa wengi, na wengi nimewakata 3. Ila wawili nimewapa 10. Nazikumbuka hizo mbili, nilizisahihisha usiku ule umeme unakatika-katika, nikaangalia jibu, nikaweka vema, nikapita. Huyu aliyeniandikia kakatwa kwa sababu karatasi yake niliifikia asubuhi nikiwa na chai.

Kurudisha 3 kwa wote siwezi, kosa ni kosa. Kuwanyang'anya wale wawili alama walizokwisha kuziona nako mkono mzito. Nimeandika swali jipya la zoezi la 3 lenye mifano miwili, mmoja wa kilo 12, 15, 9 na 13. Duara peke yake silichori tena, nitaandika pembeni na namba inayoiangusha programu. Kuhusu wale wawili kesho nitamuuliza mkuu wa idara, na sijui nitaanzia wapi.

Upepo umeanza kupiga mabati. Maji hayajatoka tangu Jumatatu, tangi nikiligonga linalia tupu mpaka karibu na chini, na mama anaingia Ijumaa kutoka Kondoa na mashangazi watatu.