Siku kumi na tisa kwa bonasi ya shilingi elfu tano

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Busia, upande wa Uganda, kwa hiyo nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kunaswa na jambo hili. Kazi yangu ya kila siku ni kuwaonya wateja wasitaje namba zao za siri mbele ya watu, nami ndiye ninayewaeleza kwa nini laini zao zimefungwa. Hata hivyo, mwaka jana nilijikuta nimesimama nyuma ya kibanda changu, kitambulisho cha taifa kikiwa chini ya kidevu, nikijipiga picha ya uso kama mahabusu ili kampuni fulani ikubali kunirudishia pesa zangu mwenyewe.

Chanzo ni binamu yangu anayeishi Kampala. Alinipigia simu akiwa na furaha ya kutia shaka, akaniambia kwamba kuna programu ya kutuma pesa ndani na nje ya nchi inayolipa shilingi 5,000 kwa kila mtu unayemwalika, na kwamba mtu mwenye kibanda kama mimi, anayepitiwa na watu kutwa nzima, ni mjinga asipoipokea zawadi hiyo. Alisema kazi yenyewe ni dakika tano kwa kila mtu. Ninayataja maneno hayo kwa sababu bado yananikera.

Masharti niliyasoma, ila niliyasoma kama mtu anayesoma tangazo ukutani akiwa anawahi basi. Yalisema kwamba mwalikwa aweke msimbo wangu wakati wa kujisajili, athibitishe utambulisho wake kwa kitambulisho, kisha atume angalau shilingi 20,000 kwa mara moja katika muda wa siku kumi na nne. Bonasi ingekaa siku saba ikiwa “inasubiri” kabla ya kuwa yangu. Lilikuwapo pia sharti moja refu lililokataza kujialika mwenyewe, kusajili watu kwa kifaa kimoja na kufanya miamala isiyo na lengo la kweli. Hilo nililipita upesi, kwa kuwa niliamini linawahusu wezi.

Wawili wa kwanza niliwapoteza bila hata kufanya kosa la jinai. Niliwatumia kiungo, wakakibonyeza, wakajisajili, lakini jina langu halikuonekana popote. Baadaye nilielewa kwamba mmoja wao alikuwa ameiweka programu hiyo kwenye simu yake muda mrefu uliopita, na mwingine alikibonyeza kiungo, akakatishwa na mtandao, kisha akaitafuta programu mwenyewe dukani. Katika hali zote mbili kiungo hakikufika na habari zake hadi kwenye ukurasa wa usajili. Msimbo unaoandikwa kwa mkono katika nafasi yake, kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, ndio unaotegemewa, na ukishapita ukurasa huo huduma kwa wateja hawakubali kuuongeza, hata ukiwabembeleza.

Hapo ndipo akili yangu ilipochangamka zaidi ya inavyostahili. Wateja wangu wengi wana simu ndogo za vitufe ambazo haziwezi kubeba programu hiyo. Nikasema moyoni: simu ninayo mimi, vitambulisho wanavyo wao, na floti, yaani pesa ya kufanyia kazi ya uwakala, imo kibandani. Jumamosi moja niliwakalisha watu kwenye benchi na kuanza. Ninamsajili mmoja kwa laini yake, neno la uthibitisho linaingia kwenye simu yake ndogo naye ananisomea, ninakipiga picha kitambulisho chake, ninampiga picha ya uso, ninachagua namba ya siri pamoja naye, kisha kwa floti yangu ninamwekea shilingi 20,000 kwenye laini yake. Anazihamishia kwenye programu, programu inazituma kwenye akaunti yangu, ninazirudisha kwenye laini yangu, ninazitoa, na elfu ishirini zile zile zinamwendea anayefuata kwenye benchi. Nilijiona fundi. Nilifikia hata kumweleza jirani yangu, anayeuza viatu, kwamba pesa ni kama maji ya mfereji, ukijua kuyaelekeza yanamwagilia bustani yote bila kupungua.

Yalikuwa yanapungua. Kila nilipotoa elfu ishirini nilikatwa ada ya kutoa, ambayo ilikuwa kama shilingi 900 hivi, na juu yake ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa za simu ambayo sote tumeizoea tangu 2018, yaani shilingi 100 nyingine. Kwa hiyo kila mzunguko ulimeza takriban shilingi 1,000, bila kuhesabu data. Tena hakuna aliyemalizwa kwa dakika tano. Kuna aliyepigwa picha ya uso mara sita kwa sababu ya jua, kuna ambaye kitambulisho chake kilikuwa kimefutika herufi mbili za NIN, yaani namba ya utambulisho wa taifa, na kuna mzee aliyelala kwenye benchi wakati tukisubiri neno la uthibitisho, ambalo lilipofika lilikuwa limeshapitwa na wakati. Wastani ulikuwa dakika arobaini kwa mtu. Kwa Jumamosi mbili nilimaliza watu kumi na mmoja, na nikiwa nimeshughulika nao, wateja waliotaka kuweka na kutoa pesa walivuka barabara kwenda kwa wakala mwenzangu, ambaye siku hizi hunisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Siku ya tatu baada ya Jumamosi ya pili, programu ilifunguka ikiwa na maandishi kwamba akaunti yangu iko chini ya uchunguzi. Bonasi zote, hata zile zilizokwisha kupita siku saba, zilikuwa bado “zinasubiri”. Kilichonikausha koo si bonasi. Ndani ya akaunti ile nilikuwa nimeweka shilingi 380,000 zangu za ada ya shule, kwa sababu nilianza kuipenda programu yenyewe, nazo sasa sikuweza kuzituma wala kuzitoa.

Binamu alishauri niifute programu, niiweke upya na kufungua akaunti mpya kwa laini nyingine. Nilijaribu, nami ninakiri kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Simu ina alama yake ambayo programu huisoma, na kufuta na kuweka upya hakuibadilishi alama hiyo. Akaunti mpya ilifungwa kabla sijamaliza kuthibitisha utambulisho, maana NIN ilikuwa ile ile, na faili langu sasa likaonekana kama la mtu anayekimbia. Nilipotulia na kujitazama kwa macho ya mtu wa ofisini, nilishangaa kwamba walichukua siku tatu. Akaunti kumi na moja zilizaliwa kwenye simu moja, pesa ya kiasi kile kile ilizunguka kutoka kwa kila mmoja hadi kwangu na kutoka mara moja, na baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyefanya muamala wa pili. Mtu anayesafisha pesa chafu angeacha nyayo kama hizo hizo, na kampuni za malipo zinabanwa na sheria kuchunguza nyayo za namna hiyo, bila kujali kama aliyeziacha ni mhalifu au wakala mwenye tamaa.

Kilichonitoa ni kuacha ujanja. Niliandika ujumbe mmoja tu kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu, kwa sababu kila ujumbe mpya unafungua shauri jipya na kulirudisha lako mwisho wa foleni. Nilieleza nilichofanya bila kukipamba, nikataja kwamba sidai bonasi yoyote, nikaomba salio langu tu. Niliambatanisha taarifa ya miamala ya laini yangu ya miezi mitatu ili waone shilingi 380,000 zilikotoka, pamoja na ile picha ya mahabusu. Walijibu wakitaka picha iliyo wazi zaidi, nikaituma. Siku ya kumi na tisa salio lilirudishwa kwenye laini yenye jina langu. Bonasi zilifutwa, na mpango wa kualika nimefungiwa moja kwa moja kwenye akaunti ile. Ada ya shule niliilipa kwa mkopo wa shemeji, ambaye hakutoza riba ila alitoza maelezo.

Tangu hapo ninahesabu kabla ya kualika. Kuna programu nyingine ambayo bado ninawaalikia watu, na hainipi zaidi ya watu wawili au watatu kwa mwezi. Ninamwalika mtu ambaye tayari ana sababu ya kutuma au kupokea pesa kwa njia hiyo, kwa mfano mama ambaye mwanawe yuko Nairobi, naye anajisajili kwa simu yake mwenyewe huku mimi nikimwelekeza tu kwa kidole bila kuishika. Ikiwa hana simu ya kufaa, basi hana bonasi ya kunipa. Huyo humalizika kwa dakika kumi na tano, muamala wake wa kwanza ni wa kweli, nami sitoi hata shilingi. Ninaangalia pia bonasi inatoka ikiwa ya namna gani: moja niliyoifukuzia wiki nzima ilikuwa haitoki kama pesa, inanunua muda wa maongezi na umeme wa kulipia kabla wa Yaka tu, na ilikufa baada ya siku thelathini. Zile zinazokutaka wewe uweke pesa kwanza ili bonasi za ulioalika “zifunguke”, sizisogelei kabisa, kwa maana hapo mwalikwa ndiye bidhaa.

Deni lililobaki lilikuwa la wale kumi na mmoja. Wengi hawakujali, lakini Mama Nekesa alikuja kibandani miezi miwili baadaye na simu mpya ya mguso aliyonunuliwa na mwanawe wa Nairobi, akitaka kupokea pesa kwa programu ile ile. Ilimkataa. NIN yake ilikuwa imefungwa pamoja na yangu, na mwanawe alikuwa ameshaanza kuuliza mama yake alifanya nini hadi akafungiwa. Nilimwandikia ombi tukiwa tumekaa pamoja, kutoka kwenye simu yake, nikisema kwamba akaunti ya kwanza niliifungua mimi kwa kifaa changu. Nilidhani watamkataa. Wiki iliyofuata walimfungulia.

Alikuja kunionyesha. Nilipomwambia abadilishe namba ya siri, kwa kuwa ile ya zamani tuliichagua pamoja, alisema, “Najua, mwanangu,” akanigeuzia mgongo, akaikumbatia simu kifuani, na akabonyeza namba zake nne polepole huku akitazama nyuma begani kuhakikisha kwamba sioni.