Bati, kigae cha udongo au kigae cha saruji: nilivyoezeka nyumba yangu Moshi

Nilipofikia hatua ya linta katika nyumba yangu ya Pasua, nilikuwa nimekwisha kununua mbao za kenchi kwa hesabu ya bati, na ndipo mke wangu aliponieleza waziwazi kwamba hataki kulala chini ya bati. Alikulia katika nyumba ya bati isiyo na dari, hivyo alijua joto la Januari na kelele za masika. Niliona ana haki, nikaanza kuulizia vigae.

Nyumba pamoja na michirizi ina upana wa mita 11.2 na urefu wa mita 13.2, na paa lina mwinamo wa nyuzi 22.5, hivyo eneo la kuezeka ni takribani mita za mraba 160. Vigae vya saruji huingia kama 10 kwa mita moja ya mraba, navyo kwa mita hiyo moja huwa na uzito wa kilo 45 hivi vikiwa vikavu. Kwa paa langu hizo ni zaidi ya tani saba, wakati bati la geji 28 lisingefika kilo 700. Fundi alizitazama mbao zangu, akasema, "Mzee, kenchi hizi nilizipanga kila mita moja na sentimita ishirini. Ukitaka vigae, zitabidi zisogee hadi sentimita sitini, na papi zitoke sentimita tisini zije thelathini na mbili."

Maneno hayo yalimaanisha kwamba kenchi 12 zingekuwa 23, na papi za mita 180 hivi zingefika mita 500. Hadi siku ile nilikuwa nikilinganisha bei ya kigae na bei ya bati peke yake, kosa ambalo nadhani wengi hulifanya, kwa sababu gharama kubwa imejificha kwenye mbao, misumari na siku za fundi. Makadirio yake kwa vigae vya saruji yalifika karibu mara mbili na nusu ya yale ya bati.

Vigae vya udongo niliviacha kwa sababu nyingine. Nilichukua sampuli sita kwa mtengenezaji mmoja, nikavipima kwenye mizani ya bucha, nikaviloweka usiku kucha na kuvipima tena. Kimoja kilitoka kilo 2.6 hadi kilo 3.1, yaani kilikunywa karibu moja ya tano ya uzito wake, na kilipogongwa kilitoa sauti butu badala ya mlio mkali wa kigae kilichoiva vizuri. Viwili vilikuwa vimepinda kiasi kwamba vikipandanishwa vinacheza, na kwenye mwinamo mdogo kama wangu, upepo ungesukuma maji kupitia nafasi hizo. Udongo uliochomwa vizuri ni paa zuri sana na rangi yake haipauki, lakini si ule niliouona.

Kuhusu joto, niliweka kipimajoto katika nyumba ya dada yangu yenye bati bila dari, na siku iliyofuata, ambayo jua lake lilikuwa lilelile, katika nyumba ya rafiki yenye vigae vya saruji na dari. Saa nane mchana nilipata nyuzi 34 kwa dada na 30 kwa rafiki, ila saa tatu usiku kwa dada zilikuwa 26 na kwa rafiki 28, kwa kuwa kigae hupata joto polepole na hulitoa polepole. Bila shaka dari nayo ilichangia, na jambo hilo ndilo lililonipa wazo.

Nikarudi kwenye bati la geji 28, rangi ya maziwa badala ya nyekundu iliyozoeleka, pamoja na karatasi ya foili, dari ya jipsamu na pamba ya kioo ya sentimita 10 juu ya vyumba vya kulala. Fundi alianza kwa kuibana foili kati ya papi na bati. Dari ilipokamilika niliigusa mchana, ikawa ya moto kama hakuna kilichowekwa, kwa kuwa foili ambayo uso wake unaong'aa umeshikana na bati hupokea joto kwa kugusana na kung'aa kwake hakuna kazi. Ilibidi kuitundika chini ya papi, uso unaong'aa ukitazama chini penye hewa, na kuacha matundu ya hewa kwenye michirizi na mgongoni mwa paa. (Matundu yafungwe kwa wavu, popo wa Moshi hawahitaji mwaliko.)

Gharama yote, pamoja na marekebisho hayo, ilikuwa chini ya theluthi mbili ya makadirio ya vigae. Aprili mvua ilipopiga usiku, chumbani tuliisikia kama muungurumo wa mbali, na mtoto hakuamka. Sebuleni, ambako kuna dari bila pamba, huwa tunaongeza sauti ya redio. Barazani, ambako sikuweka dari kabisa, mke wangu na mimi bado tunasemezana kwa ishara.