L Moja

Nilikuwa na miezi michache tu kwenye kampuni ya kukatisha tiketi za mabasi, Dar es Salaam, na neno moja lilikuwa likinikera: `CANCELED`. Shuleni tulifundishwa Kiingereza cha Uingereza, L mbili. Aliyeandika mfumo alifuata cha Wamarekani, na kila nilipotafuta neno hilo nililikosa mara ya kwanza. Alhamisi moja jioni nikaamua kulinyoosha.

Hali za tiketi zilikaa kwenye `enum` ya Java iitwayo `TicketStatus`, na kwenye hifadhidata zilihifadhiwa kama maandishi yaleyale. Kihariri changu kina amri ya kubadili jina kila linapotumika. Nikaibonyeza, majaribio yote yakapita. Nikaandika na hii ya kurekebisha rekodi za zamani:

```sql
UPDATE tickets SET status = 'CANCELLED'
WHERE status = 'CANCELED';
```

Tulikuwa na seva mbili, zikipandishwa toleo jipya moja baada ya nyingine. Seva ya kwanza ilipoanza, amri ile ikabadili rekodi. Ya pili, ikiwa bado na msimbo wa zamani, ikakutana na neno isilolijua, na logi ikajaa:

```
IllegalArgumentException: No enum constant TicketStatus.CANCELLED
```

Dakika chache baadaye nayo ikapata toleo jipya, kelele zikakoma. Kisha yakaja makosa mengine machache, safari hii yakiwa na L moja: katika dakika zile seva ya zamani ilikuwa imeendelea kuandika `CANCELED` kwa waliofuta safari. Nikarudia `UPDATE`, nikaenda kulala. Nakiri nilijiona fundi.

Asubuhi kondakta akapiga kutoka stendi ya Mbezi. "Dada, mtandao wenu unasema gari la Mbeya limejaa. Mimi nahesabu viti 9 vitupu hapa."

Kwenye logi hakukuwa na kosa hata moja. Hilo ndilo lililonitisha. Nikafungua orodha ya abiria: wale 9 wote walikuwa wamefuta safari, na hali yao ilisomeka `CANCELLED`, sawasawa nilivyotaka. Kwa nini basi viti vyao havikuachiwa? Kaka mmoja aliyenitangulia pale akavuta kiti, akasoma swali linalotafuta viti vilivyokaliwa, akauliza, "Hii `NOT IN` inapata wapi orodha yake?"

Ilitoka kwenye faili la mipangilio:

```
seat.free-statuses=CANCELED,EXPIRED
```

Haya yalikuwa maandishi matupu. Hayakupita kwenye `enum` kokote, yalikwenda moja kwa moja kwenye SQL. Kompaila haikuwa na namna ya kuyajua, na kihariri kilibadili msimbo wa Java tu. SQL nayo hailalamiki ukiilinganishia neno lisilokuwepo kwenye jedwali. Inakuambia tu kwamba kila tiketi iliyofutwa bado ina mwenyewe. Majaribio yangu hayakufika huko, kwa sababu yalikuwa na faili lake la mipangilio lenye `EXPIRED` peke yake.

Tukaongeza `CANCELLED` kwenye mstari ule bila kuondoa lile la zamani, tukawasha seva upya, viti vikarudi. Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho:

```
grep -rnw CANCELED .
```

Likajitokeza kwenye ripoti ya mauzo ya mhasibu pia. Ripoti ilikuwa iondoe tiketi zilizofutwa. Asubuhi ile ilizihesabu kama mapato. Nikampigia kabla hajaituma kwa bosi.

"Ungeniuliza," kaka alisema, "ningekuambia toleo la kwanza lisome yote mawili lakini liendelee kuandika la zamani. Likishafika seva zote, toleo la pili ndilo lianze kuandika jipya. Rekodi zinafuata baada ya hapo."

Nikamwonyesha kwamba hata hivyo kuna tundu: kusoma maneno mawili na kuyafanya hali moja ni rahisi, lakini ukitafuta kwa hali hiyo, Java hutuma neno moja tu kwenye `WHERE`, na rekodi zenye jingine hazionekani. Kwa kipindi chote cha mpito kila utafutaji ungehitaji `IN` yenye maneno yote mawili. Akacheka. "Kwa hiyo L yako ingegharimu wiki mbili. Mimi ningeacha hifadhidata ilivyo, nibadilishe jina la Java tu."

Nasi tukafanya hivyo siku nyingine, kwa hali nyingine:

```java
EXPIRED_UNPAID("EXPIRED");
```

Jina la kushoto ni la kwetu wasoma msimbo; la kulia ndilo linaloandikwa kwenye rekodi, na kigeuzi kidogo hutafsiri kati yao. Mstari wa viti haukuguswa. Nilipoondoka pale ulikuwa bado na maneno matatu, L moja na L mbili zikiwa jirani, na juu yake nimeandika: usifute, nakala za akiba bado zina la zamani.