Goti la mwalimu na ngazi za kushuka

Mwalimu yule alikuja na picha ya eksirei ndani ya bahasha, pamoja na hukumu aliyokwisha kupewa mtaani: goti limeisha mafuta. Alikuwa akifundisha shule ya ghorofa hapa Kigoma, na jioni hukimbia kutoka Mwanga kwenda Ujiji na kurudi.

"Shikamoo mama. Kupanda ngazi najitahidi. Kushuka ndiko kunaniliza."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe panapouma."

Hakunyoosha kidole. Aliweka kiganja kizima juu ya pia ya goti la kulia, akakizungusha. Kwangu hilo lilisema mengi kuliko picha. Mwenye kano iliyoumia chini ya pia hugusa kwa kidole kimoja, pale pale. Aliyechanika gegedu la katikati ya goti huonyesha ubavuni mwa goti, na mara nyingi goti hukwama au kuvimba. Yeye hakuwa na uvimbe, goti halikuwahi kukwama, ila akikaa muda mrefu kwenye basi kutoka Kasulu maumivu yalimzidi. Picha ilionyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake ni salama, kwa hiyo habari ya mafuta tuliiweka kando.

Nilimsimamisha kwa mguu wa kulia juu ya kidaraja cha sentimita 20, nikamwambia ashushe kisigino cha kushoto polepole mpaka kiguse sakafu. Alipofika nusu ya safari, nyonga ya upande wa kushoto ilidondoka, paja la kulia likageukia ndani, na goti likapita upande wa ndani wa kidole gumba cha mguu. Hapo hapo akakunja uso.

Tunaposhuka ngazi, mguu unaobaki juu ndio unaofanya kazi. Unakunjwa huku umebeba mwili mzima, na msuli wa mbele wa paja unavutwa urefuke huku ukizuia tusianguke. Msuli unaivuta pia kwenda juu, kano inaishikilia kutoka chini, na pia inagandamizwa kwenye mfuo wa fupa la paja. Mgandamizo huo unaweza kufika mara tatu ya uzito wa mwili au zaidi. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 180 juu ya kifupa kidogo.

Goti likiwa karibu kunyooka, pia huwa bado haijaingia vizuri kwenye mfuo. Inashikiliwa zaidi na misuli na tishu laini. Huanza kukaa ndani goti linapokunjwa kama nyuzi 20 hadi 30. Watu wengi hudhani pia ndiyo inayotoroka kwenda nje. Kwa mwalimu huyu ilikuwa kinyume: misuli ya kando ya nyonga ilishindwa kulizuia paja, paja likazunguka kwenda ndani, na mfuo ukageuka chini ya pia. Ukingo wa nje wa pia ukabaki unasukumana na ukuta wa nje wa mfuo. Gegedu linalofunika upande wa ndani wa pia halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo kinachouma ni mfupa ulio chini yake na tishu zinazoizunguka pia.

Nikamshika goti, nikalielekeza juu ya kidole cha pili cha mguu, akarudia. Maumivu aliyoyapa 6 kati ya 10 yakashuka hadi 3. Jaribio hilo ndilo lililonionyesha pa kuanzia.

Lakini nyonga yake haikudhoofika mwezi ule. Wapo wengi ambao pia zao hazifuati mfuo sawasawa na hawaumwi kabisa. Kilicholiamsha goti ni mzigo: alikuwa ametoka kilomita 15 kwa wiki hadi 30 ndani ya wiki tatu, akaongeza na mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni.

Tulirudi kwenye kilomita 15, tena tambarare tu. Mara tatu kwa wiki alilala ubavu na kuinua mguu wa juu ulionyooka, kisigino kikielekea nyuma kidogo, seti 3 za mara 12. Baada ya hapo alishuka kutoka kwenye tofali la sentimita 10 mbele ya kioo, goti likifuata kidole cha pili, na alipanda hadi sentimita 20 pale tu nyonga ilipoacha kudondoka. Maumivu hadi 3 yaliruhusiwa, mradi asubuhi yawe yametulia. Hatua zake za kukimbia zilikuwa 156 kwa dakika. Tukazifikisha 168, kwa sababu hatua fupi na za haraka hupunguza mzigo wa goti kila mguu unapotua.

Ngazi za shule zilianza kumwachia wiki ya sita. Mteremko wa stesheni niliuacha uwe wa mwisho: kwanza aliuteremka akitembea, kisha akakimbia mita 200 za chini, akiongeza mita 200 kila wiki ambayo goti lilikaa kimya.