Namna nilipima mwendo wa bamba unaingia mpaka wapi ndani ya gliserini

Mimi naangalia labo ya fizikia hapa Bukavu, na kila mwaka tukifika kwa ile bamba tambarare inayocheza kwenda na kurudi ndani ya kimiminiko, wanafunzi wanakopi fomula, wanafaulu mtihani, alafu ukimuuliza mmoja "bamba ikisimama pale mwisho kabla ya kurudi, kimiminiko ya pembeni inafanya nini?" anakuambia na yenyewe inasimama. Haisimami. Njo nikaamua safari hii waone kwa macho, na tupime.

Fomula yenyewe ni hii, Stokes aliitoa mwaka 1851 wakati alikuwa anahangaika na pendulamu na ule msuguano wa hewa unaozipunguzia mwendo:

```
u = U e^(-y/δ) cos(ωt - y/δ)
δ = √(2ν/ω)
```

u ni kasi ya kimiminiko, U ni kasi kubwa ya bamba, t ni wakati, y ni umbali kutoka kwa bamba, ν ni mnato ukigawa kwa densiti, ω ni 2π mara frikwensi. Uangalie vizuri, δ imetokea mara mbili. Pale kwa e inapunguza ukubwa wa mwendo, pale kwa cos inachelewesha. Ni namba moja ileile inafanya kazi zote mbili, na mimi naona hapo njo utamu wa tatizo hili, juu inamaanisha unaweza kuipima δ kwa njia mbili ambazo hazijuani na zikikubaliana unajua labo yako iko sawa. Ukisogea umbali wa δ moja, mwendo unabaki 37% na unachelewa radiani 1, yaani digrii 57. Ni sawa na ukuta wa matofali unaopigwa na jua mchana, joto inafika ndani usiku, na inafika kidogo.

Sasa kimiminiko gani? Maji hapana. Kwa maji, ukicheza mara 1 kwa sekunde, δ inatoka milimita 0.56 tu, hakuna simu itakuonyesha kitu hapo. Hii kila mwaka inawashangaza, wanafikiri kimiminiko nzito njo inaua mwendo haraka, kumbe ni kinyume, mnato njo unaobeba mwendo kutoka tabaka moja mpaka lingine, ukiwa mdogo tabaka la pili halisikii lolote. Kwa hiyo nikachukua gliserini, wale wanaouza vitu vya kutengenezea sabuni wanayo kwa bidoni, nikajaza beseni ya kioo ya santimita 50 kwa 20.

Bamba ni chuma ya inoksi ya milimita 1, urefu santimita 40, nimeisimamisha wima katikati ya beseni, imezama santimita 7, na inatembea kwa urefu wake kushoto na kulia. Nimeisimamisha hivyo ili niangalie kutoka juu, juu ya uso wa gliserini hakuna kitu kinachouzuia, unatembea sawa na gliserini iliyo chini yake, basi unanyunyiza pilipili manga ya unga na kila chembe inakuwa alama. Kuta za beseni ziko santimita 10 kila upande, na hiyo sikuichagua ovyo, nilikuwa nimepiga hesabu δ itakuwa kama santimita moja na nusu, kwa hiyo ukuta uko mbali δ sita na zaidi, mwendo ukifika huko umeshakufa.

Moteri ni ya esuiglasi, ile ya kufuta vioo vya gari, nimeinunua Kadutu kwa wauza spea. Inazunguka polepole, ina nguvu, na inakula betri ya volti 12 kwa hiyo umeme ikikatika kazi inaendelea. Nimeifungia mkono wa milimita 10 na fimbo ndefu ya santimita 25 mpaka kwa bamba. Urefu wa fimbo ni muhimu, ikiwa fupi bamba haiendi kama kosini safi, upande mmoja inaenda haraka kuliko mwingine na fomula hapo juu haikuhusu tena.

Kilichotusumbua zaidi ni bamba kuyumba. Inatakiwa itembee kwa urefu wake tu, ikisukuma hata milimita 1 kwa pembeni inakuwa pampu, na mwendo wa pampu haufi kwa e, unafika mpaka ukutani. Unatambua hivi: angalia chembe zilizo mbali, santimita 7 au 8, zikiwa zinakaribia bamba na kurudi nyuma, jua bamba yako inayumba, juu mwendo wa kweli ni wa sambamba na bamba peke yake. Kuna fundi mzee wa madirisha na makabati, nikamuonyesha.

"Papa, nataka hii kitu iende na kurudi bila kutingishika hata kidogo."

Akaangalia, akacheka. "Mwalimu, hii si ni droo tu? Weka reli ya droo, mbili, juu na hapa nyuma."

Reli zikawekwa, chembe za mbali zikatulia kabisa.

Kupima ni simu tu, nimeifunga juu ya beseni inaangalia chini, picha 60 kwa sekunde, na rula imelala pembeni ndani ya vidio. Unawasha moteri, unasubiri kama nusu dakika ili kile kishindo cha kuanza kiishe, alafu unarekodi. Ukubwa wa mwendo ni rahisi, unapima chembe inatoka wapi mpaka wapi, unagawa kwa mbili. Kuchelewa ndiko watu wanakosea, wanataka kusoma picha ambayo chembe imefika mwisho, lakini pale mwisho chembe iko karibu imesimama, picha tatu au nne zinafanana, utachagua ipi? Soma wakati inapita katikati ya njia yake, hapo inakimbia, picha moja tu ndiyo sahihi. Hesabu picha kutoka bamba ipite katikati mpaka chembe ipite katikati ikielekea upande uleule. Na ile milimita chache ya kwanza karibu na bamba uiache, gliserini inapanda kidogo kwa chuma na pilipili inavutwa inagandamana pale.

Moteri kwa spidi ya juu ilikuwa inazunguka mara moja kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni picha 60. Chembe iliyo milimita 20 kutoka kwa bamba ilikuwa inacheza milimita 2.6 wakati bamba inacheza 10, na ilikuwa inachelewa picha 13. Tuanze na ukubwa: ln(10/2.6) ni 1.35, unagawa 20 kwa hiyo unapata δ milimita 14.8. Kuchelewa: 13 kwa 60 mara 2π ni radiani 1.36, unagawa 20 kwa hiyo, milimita 14.7. Zimekubaliana! Ya milimita 30 ilikuwa inacheza 1.4 na inachelewa picha 19, ikatoa 15.3 na 15.1. Basi tukasema 15, na kwa kugeuza fomula, ν = δ²ω/2, tukapata kama 7 × 10⁻⁴ mita mraba kwa sekunde. Gliserini safi kwa digrii 20 iko kama 11 × 10⁻⁴, yetu ilikuwa na joto kidogo zaidi na imekaa wazi, na gliserini inavuta unyevu wa hewa, asilimia kumi tu ya maji inashusha mnato kama mara sita. Ukiiacha beseni bila kufunika, wiki inayofuata utapima δ ndogo na utafikiri umekosea hesabu.

Wanafunzi wakabisha kwamba tukicheza bamba kwa nguvu zaidi mwendo utaingia mbali zaidi. Tukabadilisha mkono tukaweka wa milimita 5. Kila chembe ikapunguza mwendo wake nusu, δ ikabaki palepale, ukubwa wa kucheza hauko ndani ya δ. Kinachoibadilisha ni frikwensi: kwa spidi ya chini ya moteri, mizunguko 40 kwa dakika, δ ikawa kama milimita 18, juu sasa mwendo una muda zaidi wa kusafiri kabla bamba haijageuka na kuanza kuufuta.

Lakini kitu kilichowanyamazisha ni ile picha moja ya vidio, bamba imefika mwisho, imesimama, bado haijaanza kurudi. Peleka picha moja mbele, moja nyuma. Chembe zilizo kama milimita 12 kutoka kwa bamba bado zinaenda, na zinaenda kule bamba ilikuwa inaelekea, kwa kasi ya kama 32% ya kasi kubwa ya bamba. Ni e^(−y/δ) sin(y/δ), kilele chake kiko y = πδ/4, unaweza kuhakikisha mwenyewe. Ukiendelea mpaka milimita 47, yaani πδ, chembe zinaenda kinyume cha bamba muda wote, bamba kulia zenyewe kushoto, ila ni 4% tu, chini ya nusu milimita, macho yanaiona kwa shida. Na kwa sababu gliserini ya karibu inabaki nyuma namna hiyo, ule mvuto inaouweka kwa bamba hauendi sambamba na kasi ya bamba, unafika kilele mapema kwa digrii 45, moja ya nane ya mzunguko.

Tulijaribu pia kusogeza ukuta, tukaweka kioo milimita 20 kutoka kwa bamba. Pale zile njia mbili za kupata δ zinaachana: ukubwa unashuka haraka zaidi karibu na kioo, lakini kuchelewa kunaacha kuongezeka, chembe za karibu na kioo zinachelewa karibu sawa zote. Kwa hiyo ukiwa na beseni nyembamba na namba mbili hazikubaliani, angalia kama ni kuchelewa ndiko kumegoma kupanda, kabla hujaanza kulaumu simu.

Sasa wanataka mafuta ya kupika. Kwa mara 1 kwa sekunde δ yake ni kama milimita 4.5, na ukitoa zile za kwanza zinazogandamana unakosa nafasi ya kupima. Inatakiwa kushuka mpaka mzunguko mmoja kwa sekunde 10, hapo inafika kama milimita 14, ila esuiglasi haiendi polepole hivyo, kwa hiyo natafuta giya za kuipunguza, na beseni itabidi isubiri muda mrefu zaidi kabla ya kurekodi, juu mnato mdogo unachelewa kumaliza kile kishindo cha kuanza.