Nundu ya Katikati

Juzi binti yangu alinifuata sebuleni na daftari lake la hesabu. Alikuwa amechora mkunjo wenye umbo la W, nundu ya katikati imepanda mpaka ikagusa mhimili wa x, kisha ikashuka tena. "Baba, hapa nihesabu mizizi mingapi?" Nilikaa na lile daftari mkononi nisimjibu. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa, na nyumbani kwetu hatuna chemli.

Tulikuwa kidato cha sita. Umeme ulikatika, wenzetu wakaenda kulala bwenini, tukabaki mimi na yule jamaa wa Tanga niliyekaa naye dawati moja. Mchana tulikuwa tumefanya jaribio, na swali moja lilitugawa: mlinganyo wa kipeo cha nne wenye vizigeu halisi waweza kuwa na mizizi halisi mitatu, isipungue wala isizidi? Yeye aliandika ndiyo. Mimi niliandika hapana.

"Mzee, umekosa," nikamwambia. "Mizizi isiyo halisi haiji peke yake. Ikiwemo 2 + 3i, lazima na 2 − 3i iwemo. Mizizi yote ni minne. Ukiondoa miwili miwili unabaki na minne, miwili, au huna hata mmoja. Tatu unaipata wapi?"

"Kwa nini lazima waje wawili?"

"Kwa sababu vizigeu ni halisi. Geuza alama ya i kila mahali kwenye mlinganyo. Vizigeu havina i, havibadiliki. Upande wa pili ni sifuri, nayo haibadiliki. Basi pacha wake naye anatimiza mlinganyo uleule."

Alitikisa kichwa taratibu. "Hilo sibishi. Sasa tazama." Akaandika ubaoni:

x⁴ − x² = 0

"Toa x² nje."

Nikatoa: x²(x − 1)(x + 1) = 0.

"Namba zipi zinatimiza?"

"Sifuri, moja, na hasi moja."

"Hesabu, ndugu yangu."

"Sifuri ni mara mbili! Ile x² ni vigawo viwili."

"Nimekuuliza namba ngapi, sikukuuliza kila moja imerudiwa mara ngapi. Mtu akivaa kofia mbili, utasema nyumbani wameingia watu wawili?"

Nilichukia. Nikachukua dasta nikafuta kazi yake yote. Hakusema neno. Alisogeza chemli karibu na ubao, akachora ile W upya, polepole, chaki ikikwaruza. Mkono wa kushoto ulikata mhimili kwenye −1, wa kulia kwenye 1, na nundu ya katikati ikafika juu kwenye 0, ikagusa tu. Haikuvuka. Kwenye 0 mkunjo ulilala sambamba na mhimili, kwa maana mteremko wake, 4x³ − 2x, hapo nao ni sifuri.

"Sasa ongeza kidogo," akasema. "Sehemu moja ya kumi."

Nikaandika x⁴ − x² + 0.1 = 0, nikaiita x² kwa herufi u, nikapiga hesabu. u ikatoka karibu 0.887 na 0.113. Zote chanya, kwa hiyo x ni karibu ±0.94 na ±0.34. Minne. Nundu ilikuwa imepanda juu ya mhimili, na ile sehemu moja iliyogusa imekuwa sehemu mbili.

"Punguza."

Kwa −0.1, u moja ikawa karibu 1.09 na nyingine hasi. Ikabaki mizizi halisi miwili tu, ±1.04 hivi. Nundu imezama, na ile miwili ya katikati imegeuka mapacha wenye i.

Nilisimama pale nikitazama. Mitatu yake ilikuwepo, ila palepale tu nundu inapogusa: ipandishe kidogo, ni minne, ishushe kidogo, ni miwili. Na pale inapogusa, wawili wangu walikuwa wamekaa kwenye nukta moja. Hoja yangu haikuvunjika, na yake pia haikuvunjika. Swali lilikuwa halijasema linahesabu namba tofauti au linahesabu na marudio. Nilijua hayo usiku ule, kabla hatujazima taa.

Wiki iliyofuata karatasi zikarudi. Mwalimu alihesabu na marudio. Mimi nilipata vema, mwenzangu alichorewa mkasi mwekundu. Angeweza kuulizwa alimaanisha nini. Mimi ningeweza kunyoosha mkono nikaandika x⁴ − x² mbele ya darasa zima, ingechukua dakika moja. Sikunyoosha.

"Mitatu ukihesabu namba tofauti," nikamwambia binti yangu, "minne ukihesabu na marudio. Andika kwanza unahesabu kipi, ndipo uandike jibu."

Akaandika, nami nikamsimulia kisa cha usiku ule na karatasi zilivyorudi. Kisha akauliza, "Na yule rafiki yako, alisemaje alipokosa?"

"Hakusema kitu. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nina chaki."