Jioni niliyoweka kizingiti kuwa 1

Jioni ile nilibaki peke yangu ofisini, nikijaribu kuharakisha ujumlishaji wa safu yenye namba kamili 67,108,864 kwa kutumia `RecursiveTask` ya Java, aina ya kazi inayojigawa vipande ili viini kadhaa vya prosesa vifanye kwa pamoja. Idadi hiyo, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 26, niliichagua kwa sababu hugawanyika nusu kwa nusu bila kubakiza kitu. Kipande kikizidi kizingiti, yaani ukubwa ambao hauhitaji kugawanywa tena bali hujumlishwa moja kwa moja, kazi ilijigawa nusu mbili hivi:

```java
kushoto.fork();
return kulia.compute() + kushoto.join();
```

Kwa tamaa ya kuhakikisha kila kiini cha prosesa kinapata kazi, niliweka `KIZINGITI` kuwa 1. Vipimo vya viini vyote vinne vilijaa kwenye skrini, feni ikavuma, nami nikafurahi mapema mno, kwani kitanzi cha kawaida chenye uzi mmoja kiliishinda programu yangu kwa mbali.

Nilichukua karatasi nikahesabu. Vipande vya mwisho vilikuwa vingi sawa na namba zenyewe, na ukiongeza kazi mama zilizovizaa unapata kazi 134,217,727, ambazo kila moja ni kitu kinachoumbwa, kinachosubiriwa na hatimaye kufagiliwa kwenye kumbukumbu, yote hayo kwa ajili ya kusoma namba moja. Viini vilikuwa na shughuli kweli, ila shughuli yenyewe haikuwa kujumlisha.

Nikakimbilia upande wa pili: vipande vinne tu, kila kiini na chake. Kasi iliongezeka, lakini muda ulibadilika sana kila nilipoendesha, hadi nilipokumbuka kwamba kivinjari changu kilikuwa wazi na kilikuwa kikikalia kiini kimoja. Uzi uliomaliza kazi zake huiba kazi kongwe kutoka kwenye foleni ya mwenzake, na kazi kongwe kwa kawaida ndiyo kubwa. Lakini kwangu hakukuwa na cha kuibwa, kwa hiyo nyuzi tatu zilikaa bure zikimngoja mmoja aliyecheleweshwa.

Hapo nikajaribu 16,384, kizingiti kinachotoa vipande 4,096 na kazi 8,191 kwa jumla. Kila kipande kilikuwa kirefu kiasi cha kuifanya gharama ya kukiumba isionekane, na vilikuwa vingi vya kutosha kuibiwa. Baada ya kuiendesha mara kadhaa ili msimbo upate moto, muda ulitulia. Nilijaribu pia 8,192 na 65,536, nikashindwa kutofautisha matokeo yake na mtikisiko wa kawaida wa vipimo.

Hata hivyo kasi haikufika mara nne. Kujumlisha ni kazi nyepesi mno, na viini vyote vilikuwa vikigombania njia moja ya kuvuta zile mebibaiti 256 kutoka kwenye kumbukumbu kuu, jambo ambalo kizingiti chochote kisingelitatua. Niliacha 16,384, nikaandika juu yake mistari miwili ya maelezo, nikafunga kompyuta.